Kodi Milioni Moja, Mkononi Laki Nne na Nusu: Hesabu ya Kweli ya Nyumba ya Kupangisha

Ukiuziwa ploti yenye nyumba za kupangisha Mombasa, karatasi ya hesabu utakayoonyeshwa ni fupi sana. Nyumba sita za chumba kimoja cha kulala huko Mtopanga, kila moja kodi shilingi 14,000 kwa mwezi. Sita mara 14,000 mara miezi 12 ni shilingi 1,008,000. Bei ni milioni 9. Gawanya, unapata asilimia 11.2 kwa mwaka. Dalali anainua macho akikusubiri useme neno.

Hesabu hiyo si uongo, ila inaitwa asilimia ghafi, na inadhani kwamba nyumba haikai tupu hata siku moja, mpangaji hachelewi, bomba halipasuki, ajenti anafanya kazi bure na serikali haijui kwamba ploti ipo. Asilimia halisi ndiyo inayobaki baada ya hayo yote kutolewa. Ili kuona umbali kati ya hizi mbili, tuchukue ploti hiyo hiyo, tufungue daftari la mwenyewe la mwaka 2024, na tushuke nalo mstari kwa mstari. Ploti yenyewe ni ya mfano, na bei zake nimezipanga zifanane na zile ambazo mtu wa Kisauni au Bamburi atazitambua. Kanuni za ushuru ni za Kenya kama zilivyo. Humu ndani, nikisema kodi ni ile anayolipa mpangaji, na nikisema ushuru ni ule unaoenda serikalini.

Mwanzo wa kazi ni taarifa ya benki, kwa sababu wapangaji wote wanalipa kwa Paybill ya mwenye nyumba. Tukijumlisha kila kilichoingia kuanzia Januari hadi Desemba, tunapata shilingi 1,001,000. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Karatasi ilisema 1,008,000, benki inasema 1,001,000, tofauti ni elfu saba tu, basi mambo ni shwari. Sivyo. Kukaribiana kwa tarakimu hizo ni bahati mbaya, na ili kulijua hilo lazima kila muamala uandikwe ulikuwa wa nini na ulihusu mwezi gani.

Ndani ya ile 1,001,000 kuna dipoziti za wapangaji wapya watatu, jumla 42,000. Hizo si mapato. Ni fedha za wapangaji zilizowekwa kwako, na siku wakiondoka na nyumba ikiwa salama utazirudisha. Kuna 14,000 iliyolipwa tarehe 28 Desemba na mpangaji mwangalifu aliyetaka kumaliza kodi ya Januari kabla hajasafiri, na hiyo ni ya mwaka 2025. Halafu kuna 63,000 za maji, kwa sababu kila mpangaji anaongeza shilingi 1,000 juu ya kodi yake, nazo zinapitia tu mkononi mwako kuelekea kwa anayeuza maji. Ukiondoa hayo matatu, kodi iliyolipwa kweli kwa ajili ya mwaka 2024 ni 882,000.

Bado kuna jambo moja ambalo benki haiwezi kukuonyesha. Mpangaji wa nyumba nambari sita alishindwa kulipa Julai, Agosti na Septemba, kisha akahama usiku. Deni lake lilikuwa 42,000. Dipoziti yake ya 14,000, iliyoingia miaka iliyopita, sasa imegeuka kuwa kodi ingawa mwaka huu hakuna senti iliyosogea kwenye akaunti. Iongeze. Mapato ya kodi ya 2024 ni 896,000.

Ukitaka kuhakikisha hujakosea, pita njia ya pili. Nyumba sita kwa miezi 12 ni miezi 72 ya kupangisha. Nyumba ya pili ilikaa tupu miezi miwili, ya tano miezi mitatu, ya sita mwezi mmoja baada ya yule mtu kutoroka. Miezi sita tupu mara 14,000 ni 84,000. Deni lililobaki kwa mtoro baada ya dipoziti ni 28,000. Toa zote mbili kwenye 1,008,000 ya karatasi na unarudi pale pale, 896,000. Njia mbili zikikutana, daftari lako ni zima. Zisipokutana, kuna muamala uliosahauliwa au uliohesabiwa mara mbili, na mara nyingi utaukuta kwenye dipoziti.

Miezi sita kati ya 72 ni kama asilimia 8, na mtu anaweza kuona si kitu. Lakini mwezi mtupu hauji peke yake. Tazama nyumba ya tano. Imekaa tupu Agosti, Septemba na Oktoba, hiyo ni 42,000 ya kodi. Kumpata mpangaji mpya ajenti alichukua nusu ya kodi ya mwezi, 7,000. Kabla ya kuingia, kuta zilipakwa rangi na kitasa kikabadilishwa, 9,000. Kuhama kwa mtu mmoja kumegharimu 58,000, zaidi kidogo ya miezi minne ya kodi ya nyumba hiyo. Ndiyo maana wenye nyumba wazoefu huogopa kuhamahama kwa wapangaji kuliko wanavyoogopa kodi ndogo.

Na kuna hesabu hapa ambayo wachache huifanya. Tuseme mwezi wa Agosti alikuja mtu aliyetaka nyumba hiyo kwa 13,000, akakataliwa kwa sababu wengine wanalipa 14,000. Kumkubali kungepunguza kodi kwa 1,000 kila mwezi. Kumkataa kulipoteza 13,000 mara tatu, yaani 39,000. Mpangaji aliyekuja Novemba kwa 14,000 atahitaji kukaa miezi 39, miaka mitatu na robo, ndipo ile elfu moja ya ziada ifidie miezi iliyopotea. Sisemi kila anayeomba kupunguziwa apunguziwe, maana wale watano wengine watasikia. Ila mtu ajue bei ya kushikilia msimamo.

Sasa ajenti. Huyu wa ploti yetu anachukua asilimia 8 ya kodi iliyokusanywa, si ya kodi iliyotarajiwa, na tofauti hiyo iandikwe kwenye mkataba, maana kuna wanaokata asilimia yao hata kwa nyumba iliyo tupu. Asilimia 8 ya 882,000 ni 70,560. Kwa kuwa kampuni yake imesajiliwa kwa ushuru wa ongezeko la thamani, unaongeza asilimia 16 juu ya malipo yake, ambayo ni 11,290. Jumla 81,850. Ongeza 21,000 za kutafuta wapangaji watatu na ajenti amekula 102,850. Mwenye nyumba alipoulizwa anamlipa ajenti kiasi gani alijibu "asilimia nane", na aliamini hivyo. Ukweli ni kwamba anamlipa karibu asilimia 11 na nusu ya mapato yake.

Wapo wanaojisimamia wenyewe na kuandika sifuri kwenye mstari huu. Sawa, fedha haijatoka. Lakini kama unataka kulinganisha ploti yako na ya mwenzako, au na fedha iliyowekwa mahali pengine isiyodai jasho lako, andika kiasi ambacho ungemlipa mtu akufanyie hiyo kazi. Kukimbizana na wapangaji kila tarehe 5 ni kazi.

Kinachobaki hadi hapa ni 793,150, na hatujagusa ukuta wala paa.

Marekebisho ndiyo mstari unaodanganya kuliko yote, kwa sababu hauji sawasawa. Katika daftari la 2024 kuna gharama ndogo ndogo za kawaida. Rangi na vitasa kila nyumba ilipohamwa, 27,000. Fundi wa mabomba, 22,500. Fundi wa umeme, 8,500. Lori la kunyonya maji taka lilikuja mara mbili, 12,000. Jumla 70,000. Hizi hutokea kila mwaka kwa viwango vinavyokaribiana, na unaweza kuzitoa kama zilivyo. Kwa anayejiuliza kwa nini fundi wa mabomba anakula sana, jibu liko kisimani. Sehemu kubwa ya maji ya visima vya pwani yana chumvi, na mfereji ambao bara ungedumu miaka mingi hapa unaanza kuvuja mapema, koki zinaganda, na chujio za bafu zinaziba.

Tatizo liko kwenye vitu vikubwa. Mwaka 2024 pampu ya maji iliungua na mpya ikanunuliwa kwa 38,000. Mwaka 2023 hakukuwa na kitu kikubwa. Mwaka 2026 huenda ukawa mwaka wa kupaka rangi nje, na hapo shilingi 150,000 zitatoka kwa wiki moja. Ukipima asilimia yako mwaka 2023 utajiona tajiri, ukipima 2026 utataka kuuza. Miaka yote miwili inakudanganya, kila mmoja kwa upande wake.

Njia ya kukwepa hilo ni kugawa kila kitu kikubwa kwa miaka yake ya kuishi, na kutoa fungu hilo kila mwaka, kitu kikiharibika au kisipoharibika. Pampu ya 38,000 inayodumu kama miaka minne ni 9,500 kwa mwaka. Rangi ya nje ya 150,000 kila baada ya miaka mitano ni 30,000. Mabati, ambayo hewa ya bahari huyala kwa kutu, tuseme 400,000 kila miaka 20, ni 20,000. Matangi ya juu ya 60,000 kwa miaka 10 ni 6,000. Fungu la mwaka ni 65,500. Hili ndilo la kuingiza kwenye hesabu badala ya ile 38,000 iliyotoka kweli mwaka huo. Ukiingiza zote mbili, umeitoza pampu mara mbili.

Miaka ya kuishi ya kila kitu usiitoe kitabuni. Itoe kwenye risiti zako. Kama una risiti za pampu za 2016, 2020 na 2024, basi unajua pampu hapo kwako inaishi miaka minne, na hakuna fundi wala mtengenezaji atakayekuambia zaidi ya hapo. Asiye na risiti ataanza na makadirio, kisha ayarekebishe kila kitu kinapoharibika. Fedha yenyewe ni vizuri ikae akaunti tofauti, kwa sababu fungu la akiba lililo kwenye akaunti ya matumizi huwa karo ya shule ifikapo Januari.

Kuna mpaka mmoja wa kuangalia hapa. Kurudisha nyumba ilivyokuwa ni marekebisho. Kuifanya iwe bora kuliko ilivyokuwa ni mtaji. Ukibadilisha mlango uliooza kwa mlango wa aina ile ile, ni gharama ya mwaka. Ukijenga nyumba ya saba kwenye kona ya ua, hiyo haitolewi kwenye mapato, inaongezwa kwenye fedha uliyowekeza. Anayechanganya hivi viwili hupata asilimia mbaya mwaka wa kujenga, halafu asilimia nzuri kupita kiasi miaka yote inayofuata.

Gharama za kuendesha nazitaja haraka. Keateka, ambaye tunamgawana na ploti ya jirani, 60,000 kwa mwaka. Umeme wa pampu na taa za ua, 24,000. Bima ya jengo, 18,000. Kuzoa taka, 12,000. Ada ya ardhi ya kaunti, 10,000. Na maji: wapangaji walichanga 63,000, lakini bili na maboza ya maji matamu wakati wa uhaba yalifika 81,000, kwa hiyo mwenye nyumba alifidia 18,000. Jumla 142,000. Mstari wa maji ni mdogo, lakini utazame kila robo mwaka. Ukikua ghafla na wapangaji ni wale wale, ama kuna bomba linavuja chini ya ardhi, ama kuna mtu anauza maji yako kwa madumu.

Kutoka 793,150 ondoa marekebisho ya kawaida 70,000, fungu la vitu vikubwa 65,500 na uendeshaji 142,000. Umebaki na 515,650. Ushuru ndio unaofuata.

Kenya ina utaratibu wake wa ushuru wa nyumba za makazi ulioanza mwaka 2016. Wakati huo kiwango kilikuwa asilimia 10, na tangu tarehe 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5. Unamhusu mkazi ambaye kodi yake ya nyumba za makazi kwa mwaka inazidi shilingi 288,000 lakini haipiti milioni 15. Maduka na ofisi havimo. Unajaza kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya mapato, KRA, na kulipa kila mwezi, isizidi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mwezi usiopata kodi yoyote unajaza sifuri. KRA pia inaweza kumteua ajenti akate ushuru huo na kuuwasilisha mwenyewe. Kama wako ni mmoja wao, mdai cheti cha makato, la sivyo unaweza kujikuta umelipa mara mbili kwa kodi moja.

Jambo la kushika ni kwamba asilimia hiyo inatozwa kwenye kodi ghafi. Hakuna gharama inayotolewa kwanza, iwe ajenti, fundi au bima. Ushuru wa ploti yetu ni asilimia 7.5 ya 896,000, yaani 67,200. Lakini mfukoni mwa mwenye nyumba haikuwa 896,000, ilikuwa 515,650. Ukiigawa 67,200 kwa hiyo, unaona kwamba amelipa asilimia 13 ya kile kilichobaki. Na jinsi gharama zinavyopanda ndivyo uzito unavyoongezeka, kwa sababu ushuru haupungui hata kama mwaka ulikuwa wa mabomba na mabati. Jambo moja ambalo ushuru huu unalifuata vizuri: nyumba ikikaa tupu na kodi isipoingia, ushuru wake nao haupo. Basi weka fedha za maji mbali na kodi, kwenye daftari na kwenye risiti, zisije zikahesabiwa kama kodi.

Sheria inamruhusu mtu kuukataa utaratibu huu kwa kumwandikia Kamishna, akatozwa kwa viwango vya kawaida vya mapato baada ya kutoa gharama. Je, kunalipa? Kwa ploti yetu, hapana. Tuseme mwenyewe ni mwajiriwa ambaye mshahara wake umeshafika ngazi ya asilimia 30. Akiba ya vitu vikubwa haikubaliki kama gharama kwa kuwa haijatumika, inayokubalika ni pampu iliyonunuliwa kweli. Faida ya kutozwa ingekuwa kama 543,000, na ushuru wake ungefika karibu 163,000, zaidi ya mara mbili ya 67,200. Hali hubadilika pale ploti iliponunuliwa kwa mkopo. Mtu aliyekopa milioni 5 kwa riba ya asilimia 15 analipa kama 750,000 za riba mwaka wa kwanza. Riba hiyo inakubalika kama gharama, inaimeza faida yote, na ushuru unakuwa sifuri, ilhali kwenye utaratibu wa asilimia 7.5 angelipa 67,200 huku anapata hasara. Wenye mikopo wengi hawajui kwamba mlango huo upo.

Hata hivyo riba yenyewe usiitoe kwenye asilimia halisi ya nyumba. Mkopo ni wa mtu, si wa jengo. Ploti mbili zinazofanana kabisa, moja ya mkopo na nyingine ya fedha taslimu, zinazaa sawa. Riba ina hesabu yake pembeni, na ni fupi: ploti inazaa chini ya asilimia 5, benki inadai 15.

Nimekwenda mbele kidogo. Tumalize. Toa ushuru 67,200 kwenye 515,650 na kinachobaki ni 448,450. Hicho ndicho chakula cha mwaka mzima cha ploti yenye nyumba sita.

Tukigawe kwa nini? Si kwa milioni 9. Mnunuzi alilipa pia ushuru wa stempu wa asilimia 4, kiwango cha maeneo ya mji, ambao ni 360,000. Wakili, mthamini na usajili, 190,000. Kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia alirekebisha vyoo na kuweka matangi, 250,000. Fedha iliyoondoka mfukoni ni milioni 9.8. Kwa hiyo asilimia halisi ni 448,450 kwa 9,800,000, ambayo ni 4.6. Kutoka 11.2.

Aliyenunua zamani ana swali la ziada. Tuseme leo ploti hiyo inauzika kwa milioni 12. Asilimia 4.6 inamwambia kama alinunua vizuri. Haimwambii kama aendelee kuishika. Kwa hilo lazima agawe kwa fedha ambayo angeipata mkononi leo akiuza: atoe malipo ya dalali, na atoe ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida badala ya 5 ya awali. Atabaki na kama milioni 11.3, na ploti inazaa karibu asilimia 4 ya hizo. Kadiri bei ya ardhi inavyopanda bila kodi kupanda, ndivyo ploti inavyozidi kuwa mzazi mvivu wa fedha uliyoifungia humo, ingawa mwenyewe anajisikia anatajirika.

Kwa kipimo cha nje, Februari 2024 serikali ya Kenya ilitoa hati fungani ya miundombinu iliyolipa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, na riba hiyo haikatwi ushuru. Milioni 9.8 ndani yake zingeleta zaidi ya milioni 1.8 kwa mwaka, bila keateka. Ulinganisho huo haumalizi neno, kwa sababu hati fungani ikikomaa inakurudishia tarakimu ile ile iliyokwisha kuliwa na mfumuko wa bei, na ardhi ya Kisauni imekuwa ikipanda. Lakini basi mtu aseme wazi kwamba ananunua kwa kutegemea ardhi ipande. Kodi peke yake haijengi hoja hiyo.

Kwa wasomaji walioko Maskati, Dubai au Doha wenye ploti nyumbani, kuna mstari mmoja unaoweza kupindua kila kitu. Ule utaratibu wa asilimia 7.5 ni wa mkazi kwa maana ya sheria ya ushuru. Asiye mkazi hutozwa asilimia 30 ya kodi ghafi. Kwa ploti yetu hiyo ni 268,800, na kinachobaki kinashuka hadi 246,850, yaani asilimia 2.5. Ukazi hauangalii pasipoti. Mwenye makao ya kudumu Kenya aliyefika nchini hata kwa siku chache ndani ya mwaka huhesabiwa mkazi wa mwaka huo, na asiye na makao hayo huangaliwa, pamoja na mengine, kama amekaa siku 183 au zaidi. Kwa hiyo tiketi na mihuri ya kuingia ni sehemu ya daftari la ploti kama zilivyo risiti za fundi.

Na unayetaka kununua, unaweza kulisoma daftari la muuzaji kwa jicho hili hili. Karatasi inayoonyesha nyumba sita zimejaa miezi 12 kati ya 12, irudishe. Omba taarifa ya benki au ya Paybill ya miaka miwili, uchambue dipoziti kama tulivyofanya. Omba nakala za ushuru alizojaza kwenye iTax. Kama kwako anadai kodi ya milioni moja na kwa KRA alijaza laki sita, moja kati ya hizo si kweli, na wewe hulazimiki kujua ni ipi ili upunguze bei. Mstari wa marekebisho ukiwa na sifuri, maana yake kazi yote inakungoja wewe. Panda darini uyatazame mabati kwa ndani, washa pampu uisikilize, uliza tangi la maji taka lilinyonywa lini na nani ana risiti. Halafu waombe wapangaji wakuonyeshe ujumbe wa tokeni za umeme. Kila nyumba ina mita yake, na mita ambayo haijanunuliwa tokeni tangu Machi ni nyumba ambayo haina mtu tangu Machi, hata kama leo kuna pazia dirishani.